Kisigino Si Toroli

Katika madaftari ya baiolojia kuna mchoro ambao ni nadra kukosekana: mguu umesimama kwa ncha za vidole, na pembeni yake toroli lililojaa mchanga. Chini yake mwanafunzi ameandika kwamba vyote viwili ni nyenzo za daraja la pili, kwa sababu mzigo uko kati ya egemeo na jitihada. Vidole ni kama gurudumu, kifundo cha mguu ni kama mahali penye mchanga, na kano ya kisigino ni kama mikono ya anayeinua toroli. Mwalimu anatia alama ya vema, somo linasonga mbele.

Mwambie mwanafunzi huyo aendelee kidogo, apige hesabu. Ana uzito wa kilo 50 na amesimama kwa mguu mmoja. Akipima kwa rula, kutoka nyama ya wayo iliyo nyuma ya kidole gumba hadi usawa wa kifundo ni sentimita 12, na kutoka hapo hapo mbele hadi kwenye kano ya kisigino ni sentimita 16. Atafanya kama alivyofundishwa katika fizikia: 50 mara 12, gawanya kwa 16, jibu ni kilo 37.5. Kwa hiyo msuli wa shavu la mguu unamwinua mtu wa kilo 50 kwa kuvuta kilo 37.5 tu, na daraja la pili limetupunguzia kazi, sawasawa na toroli.

Jibu la kweli ni kilo 150. Mwanafunzi hakukosea kuzidisha wala kugawanya. Jibu lake ni dogo mara nne kwa sababu alifundishwa daraja la wenzo kabla ya kufundishwa nani anavuta, na anavuta akiwa amesimama wapi. Nitalirudia kosa hili mwishoni, maana kulielewa kunahitaji kwanza tupitie teke na mrusho. (Nguvu nitaziandika kwa kilo, kama mizani ya sokoni inavyosoma; mwalimu wa fizikia azidishe kwa 10 apate nyutoni.)

Chanzo kimoja cha tatizo ni ratiba. Kwa miaka mingi mashine sahili zimefundishwa kwenye fizikia Kidato cha Pili, na mifupa na misuli kwenye baiolojia Kidato cha Tatu. Hesabu imebaki kwenye daftari moja, mwili kwenye jingine. Chanzo cha pili ni neno lenyewe. Wenzo katika Kiswahili ni mti au gogo la kusogezea kitu kizito, mfano kupandisha chombo ufukweni. Maana yake ni kupunguziwa mzigo. Siku hizi tumelipanua neno hadi walimu tunasema "nyenzo za kufundishia" tukimaanisha chati na chaki. Kote huko nyenzo ni kitu cha kusaidia, cha kurahisisha. Mtoto anaingia darasani akiwa na hakika kwamba wenzo hupunguza nguvu. Nyenzo nyingi za mwili wake, zile anazotumia kupiga, kurusha na kuruka, hufanya kinyume: hudai nguvu nyingi kuliko mzigo, na malipo yake ni mwendo.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa wazo hili lina mlango rahisi, nao ni kafi. Mtu anayepiga kafi kwenye mtumbwi hushika kichwa cha kafi kwa mkono mmoja na mpini kwa mkono mwingine chini yake. Mkono wa juu karibu hausogei, huo ndio egemeo. Mkono wa chini unavuta, hiyo ni jitihada. Maji kwenye bapa la kafi ndiyo mzigo, tena yako mbali kuliko vyote. Huu ni wenzo wa daraja la tatu, na watoto wa Mbamba Bay na Liuli wameutumia kabla hawajaona rula. Nilipouliza darasani kitatokea nini mkono wa chini ukishushwa karibu na maji, kijana mmoja hakusubiri nimalize. "Mwalimu, kafi inakuwa nyepesi, lakini pigo linakuwa fupi. Mtumbwi hauendi." Hapo alikuwa amesema sheria nzima. Ukiweka jitihada karibu na egemeo unavuta kwa taabu na ncha inakwenda mbali. Ukiisogeza karibu na mzigo unavuta kwa raha na ncha inakwenda kidogo. Huwezi kupata vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Kwa wanafunzi wa Mbinga milimani, ambao wengi hawajawahi kushika kafi, jembe la mpini mrefu linaweza kutumika kwa mfano huo huo: wasogeze mkono wa mbele juu na chini ya mpini, wahisi tofauti.

Sasa teke. Mpigaji anapokunjua goti, egemeo ni goti lenyewe. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unavuta kupitia pia ya goti na kano inayoshuka hadi kwenye kinundu kilicho juu ya muundi. Mzigo ni mguu wa chini pamoja na wayo, na mwishoni mpira, ambao ukiwa wa kiwango cha mashindano ya wakubwa ni gramu 410 hadi 450. Kwa kijana wa kawaida, umbali wa jitihada gotini ni kama sentimita 4, na kutoka goti hadi kifundo ni kama sentimita 40. Uwiano ni 1 kwa 10.

Kabla ya mpira, mwanafunzi akae mezani aunyooshe mguu mbele na kuushikilia hapo. Mguu wa chini na wayo wa mtu wa kilo 60 una kama kilo 3.6, na uzito huo ni kana kwamba umekusanyika sentimita 24 kutoka gotini. Zidisha 3.6 kwa 24, gawanya kwa 4, unapata kilo 21.6. Kumbe kuunyoosha mguu mtupu tu, bila kiatu, kunaifanya kano ya goti ivute kana kwamba imening'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Hakuna takwimu iliyowanyamazisha wanafunzi wangu kama hiyo. Wengi waliinama kugusa chini ya goti, na huko ndiko nilikotaka mikono yao iende.

Darasani mguu huu unatengenezwa kwa ubao mwembamba wa sentimita 50, msumari mmoja, kamba na chupa ya lita 1 ya maji, ambayo ni kilo 1. Msumari upigwe mwisho mmoja wa ubao, uingie kwenye mti uliosimama, ubao uwe huru kuzunguka: hilo ni goti. Chupa ining'inizwe sentimita 40 kutoka msumarini. Kamba ifungwe sentimita 4 kutoka msumarini na kuvutwa juu kwa mizani ya springi ya kuning'iniza, aina ile ya wanunuzi wa samaki ufukweni au wa maharage Mbinga mjini, kwa sababu mizani ndogo ya maabara itafika mwisho kabla ubao haujainuka. Ubao ukiwa mlalo, mizani itasoma kilo 10 na zaidi. Hiyo "zaidi" ni uzito wa ubao wenyewe, na wanafunzi wasiachwe waidhanie kuwa kosa: waondoe chupa kwanza, wasome, waandike, kisha wapunguze. Halafu wavute kamba sentimita 2 na kupima chupa imepanda kiasi gani. Itapanda sentimita 20. Nguvu imezidishwa kwa kumi, na mwendo nao umezidishwa kwa kumi. Ni uwiano ule ule unaosomeka pande mbili.

Kuna kosa ambalo mfano huu huzaa usipoangaliwa, nalo hutokea kila mara. Wanafunzi wakishaona kamba imefungwa sentimita 4 kutoka msumarini, huenda kwenye miguu yao na kupima kutoka goti hadi kile kinundu cha muundi. Wanapata sentimita 6 au 7 na kusema kitabu kimekosea. Umbali wa jitihada haupimwi kufuata mfupa. Ni umbali mfupi kuliko wote kati ya egemeo na mstari ambao kano inavuta, uliopimwa kwa pembe mraba. Kano ya goti haiuvuti muundi kwa pembe mraba kama kamba yetu. Inashuka karibu sambamba nao. Ndiyo maana umbali wa kweli ni mdogo.

Kufungua fundo hili, ilaze kamba juu ya ubao, sambamba nao, ipite juu ya msumari na kuvutwa kwa nyuma. Hata ukivuta kwa nguvu zote, ubao hauinuki, kwa sababu kamba inapita karibu kabisa na egemeo. Sasa chomeka kipande cha mti chenye unene wa sentimita 3 au 4 kati ya kamba na msumari. Ubao unainuka. Kipande hicho ndicho pia ya goti, na kazi yake inaonekana bila maelezo: inaisogeza kano mbele, mbali na egemeo, ili msuli ule ule uzungushe mguu kwa nguvu kubwa zaidi. Nimeona mwanafunzi ambaye kwa miezi mitatu aliandika "pia ya goti hulinda goti" akichomoa na kuchomeka kile kipande mara tano mfululizo.

Hapa ndipo mahali pa kuzungumzia maumivu ambayo shule nyingi huyapita. Wavulana na wasichana wenye umri wa kati ya miaka 10 na 15 wanaocheza chandimu kila jioni na kuruka sana hupata wakati mwingine uvimbe mgumu wenye kuuma, chini kidogo ya pia ya goti. Mfupa wa kijana bado unakua pale kano inaposhika, na pale pale ndipo nguvu zile za mara kumi zinapovuta. Kwa kawaida hali hiyo hutulia ukuaji unapokwisha, na kupunguza kuruka na kupiga mpira kwa muda husaidia. Mwanafunzi aliyepata kilo 21.6 kwa mguu mtupu anaelewa kwa nini.

Swali linalofuata huulizwa na mwanafunzi, si na mwalimu: kwa nini mwili umejengwa hivi vibaya? Kwa karne nyingi wasomi waliamini kuwa misuli huinua mizigo mikubwa kwa nguvu ndogo. Mwitaliano Giovanni Alfonso Borelli ndiye aliyepima na kuonyesha kinyume, katika kitabu chake juu ya mwendo wa wanyama kilichochapishwa 1680 na 1681, baada ya kifo chake: misuli huvuta kwa nguvu kubwa mara nyingi kuliko mzigo. Sababu iko katika msuli wenyewe. Msuli una nguvu nyingi lakini hujikunja kidogo, tena kadiri unavyojikunja upesi ndivyo nguvu yake inavyopungua, jambo ambalo Mwingereza A. V. Hill alilipima kwa makini na kulichapisha mwaka 1938. Wayo ukizunguka gotini kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, kano inahitaji kusogea mita 1 tu kwa sekunde. Hakuna msuli wa paja ambao ungeweza kujikunja kwa mita 10 kwa sekunde na bado ubaki na nguvu ya kupiga kitu. Mwili unalipa kwa kile ulicho nacho tele, yaani nguvu, na kununua kile ambacho msuli hauna.

Hata hivyo wenzo wa goti peke yake hauelezi teke lote, na mwalimu aseme hivyo waziwazi. Mpigaji hodari huanza na nyonga: paja linakwenda mbele wakati goti bado limekunjwa, kisha paja linapunguza mwendo na mguu wa chini unatupwa mbele kama ncha ya mjeledi. Karibu na kugusa mpira, mguu wa chini unakwenda kasi kiasi kwamba msuli wa mbele ya paja hauna tena mchango mkubwa, na misuli ya nyuma ya paja tayari inashika breki. Hesabu ya ubao ni ya mguu uliotulia. Inatufundisha uwiano. Haitupi kasi ya mpira.

Kwenye kurusha nitapita kwa haraka, isipokuwa mahali pamoja. Mwambie mwanafunzi akunje mkono, na atakuonyesha ule msuli wa mbele unaovimba, aseme ndio unaorusha. Mwache asukume ukuta kwa kiganja huku mkono mwingine umeshika nyuma ya mkono wa juu. Ataona kwamba unaokaza ni msuli wa nyuma. Huo ndio unaokunjua kiwiko katika tufe na mkuki, na unashika kwenye ncha ya kiwiko, nyuma ya egemeo. Mzigo uko kiganjani, upande wa pili wa egemeo. Egemeo liko katikati, kwa hiyo huu ni wenzo wa daraja la kwanza, ndugu wa mtaimbo unaong'oa jiwe shambani.

Lakini angalia umbali. Nyuma ya egemeo kuna kama sentimita 2, mbele hadi kiganjani kuna kama sentimita 30. Shika tufe la kilo 4, kipimo cha wanawake, mkono ukiwa nyuma ya kichwa, kiwiko kikielekea juu na kigasha kikiwa mlalo: 4 mara 30, gawanya kwa 2, ni kilo 60 kwa kulishikilia tu, bila kuhesabu uzito wa kigasha. Mtaimbo wa daraja la kwanza unakupunguzia nguvu kwa sababu umeushika mbali na egemeo. Kiwiko cha daraja hilo hilo kinakuzidishia kwa sababu msuli umeshika karibu. Daraja linakwambia nani amekaa wapi. Faida au hasara inatoka kwenye umbali. Kama kipindi ni cha dakika 40 na lazima uache kitu, acha orodha ya mifano ya kila daraja, ubaki na jambo hili.

Ndipo turudi kwenye kuruka na toroli. Kosa la kilo 37.5 liko wapi, ikiwa egemeo, mzigo na umbali vyote vilipimwa sawa? Fikiria anayeinua toroli. Amesimama ardhini. Anapovuta mikono ya toroli kwenda juu, ardhi ndiyo inayombeba. Sasa fikiria angepanda ndani ya toroli, akae juu ya mchanga na kuivuta mikono ya toroli akiwa humo humo. Kila kilo anayovuta juu kwa mikono anaikandamiza chini kwa makalio yake, juu ya ule ule mzigo anaotaka kuuinua. Hivyo ndivyo ulivyo msuli wa shavu la mguu. Haukusimama nje. Umeshikilia mifupa ya mguu huo huo, juu ya kifundo, kwa hiyo unapokivuta kisigino kwenda juu unaivuta mifupa hiyo kwenda chini. Mzigo juu ya kifundo ni uzito wa mtu pamoja na nguvu ya kano yenyewe.

Iandike upya. Ikiwa kano inavuta kiasi K, basi K mara 16 ni sawa na 50 jumlisha K, mara 12. Fungua mabano, hamisha: K mara 4 ni 600. K ni kilo 150, na kifundo kinabeba kilo 200. Mwanafunzi mwenye shaka aweke egemeo kwenye kifundo badala ya vidole. Hapo ardhi inasukuma vidole juu kwa kilo 50, umbali wa sentimita 12, na kano inavuta umbali wa sentimita 4 upande wa pili. 50 mara 12, gawanya kwa 4, ni 150 tena. Kwa mtazamo huo wayo ni wenzo wa daraja la kwanza. Mitazamo yote miwili ni halali, na ikihesabu nguvu zote lazima ifike mahali pamoja. Kwenye mtihani, mwanafunzi aandike daraja la pili kama vitabu vinavyosema, maana swali huuliza mpangilio. Asiandike kwamba linapunguza nguvu.

Anayeruka juu kwa mguu mmoja hasimami tu. Ardhi ikimsukuma kwa mara mbili ya uzito wake, kano inavuta kwa mara sita. Goti na nyonga hukunjuka pamoja na kifundo, kila kimoja kwa uwiano wake, kwa hiyo urefu wa mruko hauwezi kusomwa kwenye kisigino peke yake.

Mfano wa wayo nao unatengenezwa kwa mbao mbili: fupi kwa wayo, ndefu iliyosimama kwa mguu, zimeunganishwa kwa msumari sentimita 12 kutoka ncha ya mbele na sentimita 4 kutoka kisigino. Mbao ndefu ipite kati ya misumari miwili iliyopakwa sabuni ili isianguke bali iteleze juu na chini, na ifungiwe chupa mbili za lita 1. Mara ya kwanza, mwanafunzi avute kamba ya kisigino kutoka juu akiwa amesimama pembeni. Mizani itasoma kama kilo 1.5. Mara ya pili, ncha ya juu ya mizani ifungwe kwenye mbao ndefu yenyewe na kamba ikazwe hadi kisigino kiinuke. Itasoma kama kilo 6. Msuguano wa misumari unaweza kuifanya 5 au 7, si hoja. Ikisoma moja na nusu, jua kuna mtu ameifunga nje ya mguu.

Na kwa shule isiyo na mbao wala msumari kuna njia fupi, mradi ipo mizani ya kupimia uzito wa watu, kama ile ya kliniki. Kama mguu ungekuwa toroli, kano ingebeba robo tatu ya mzigo kutoka nje na ardhi ingebaki na robo tu chini ya vidole, kama gurudumu linavyobaki na sehemu yake ya mzigo. Mwanafunzi wa kilo 50 apande mizani, asimame kwa mguu mmoja akishika bega la mwenzake kwa kidole tu, asije akaanguka. Wenzake wamzunguke na kubashiri mshale utashuka hadi wapi akiinua kisigino. Ainue polepole, atulie. Mshale unatetemeka kidogo, kisha unarudi pale pale: 50.